Kalenda ya homa ya mafua katika chumba cha watu sita

Swali: "Shikamoo daktari. Naandika hadithi fupi. Mhusika wangu, Haji, ametoka Wete, anasoma chuo Tunguu na anakaa dakhalia, chumba cha vitanda vinne ambamo wanalala sita. Alhamisi anaanza kuumwa flu, na Jumatatu ana mtihani. Anaficha ili asitolewe chumbani. Nataka azimie kwa homa ndani ya mtihani, na mwenzake mwenye pumu, Suleiman, aambukizwe. Je, ugonjwa unakwenda hivyo kweli? Na Suleiman anaweza kufa?"

Marahaba. Kisa chako kinakwenda sawa karibu chote, isipokuwa kule kuzimia. Homa ya mafua humshika mtu mzima mwenye afya njema kwa siku 3 au 4, na zile mbili za mwanzo ndizo mbaya. Haji akianza Alhamisi, basi ifikapo Jumatatu asubuhi homa imeshamwacha au imebaki kidogo tu. Ukimwashia homa kali siku ya tano, baada ya kupata nafuu, msomaji anayejua ugonjwa ataelewa jambo jengine: homa inayoondoka kisha ikarudi, pamoja na kikohozi kinachozidi, ni dalili ya bakteria kuingia kwenye mapafu, yaani nimonia. Hiyo ni hadithi nyengine. Kwa hiyo ama umwanzishie Jumamosi jioni, ama uiache Alhamisi yako na ubadilishe kinachompata kwenye mtihani. Mimi ningeiacha Alhamisi, kwa sababu inakupa siku nne za kuficha, na hadithi yako iko ndani ya siku hizo.

Anza na saa. Mafua ya kawaida huja polepole: koo linawasha, kesho yake chafya, keshokutwa pua. Homa ya mafua haiji hivyo. Mgonjwa mara nyingi anakumbuka alikuwa wapi ilipomkamata. Tuseme Haji yuko maktaba, saa tisa alasiri, yuko sawasawa. Saa kumi anasoma mstari mmoja mara tatu haumwingii. Saa kumi na moja mgongo na mapaja yanamuuma kama mtu aliyebeba mizigo bandarini, na macho yanauma akiyageuza. Pua bado kavu. Hili ni muhimu kwako, kwa sababu siku ya kwanza Haji anaweza kujidanganya kwa dhati kwamba ni uchovu wa kukesha. Kikohozi kikavu na koo huja usiku ule au kesho yake.

Usiku huo ndipo chumba kinapoingia kazini. Homa inapopanda, mwili unahisi baridi hata kama nje kuna joto la Unguja, na mtu hutetemeka. Haji atataka kuzima feni. Wenzake watano, wenye jasho na wenye mtihani, watataka iwake. Ugomvi wa feni ni njia nzuri ya kumfichua bila ya mtu kutaja ugonjwa: atavaa sweta, atajigubika shuka mpaka kichwani, atasema feni inamwumiza shingo. Uandike pia kwamba dirisha limefungwa, ama kwa mvua ama kwa mbu. Feni inazungusha hewa ile ile waliyokwisha kuivuta, haileti mpya. Kinachopunguza virusi chumbani ni dirisha na mlango vikiwa wazi pande mbili ili upepo upite. Katika chumba kilichofungwa, matone madogo ya pumzi na kikohozi hubaki hewani, na yale makubwa huanguka ndani ya mita moja au mbili. Vitanda vya ghorofa katika chumba chako haviachi hata hiyo mita moja.

Sasa ulalaji. Vitanda vinne, watu sita: maana yake wawili wanabebana na wenyeji wao. Mweke mmoja wa hao, tumwite Makame, kitanda kimoja na Haji, na Suleiman kitanda cha juu yao. Makame ndiye atakayejua kwanza, kwa mgongo wake, maana ngozi ya Haji itakuwa moto saa tisa za usiku. Lakini Makame hana jina kwenye orodha ya chumba. Akienda kumweleza msimamizi wa dakhalia, atajifukuzisha yeye mwenyewe kabla ya Haji. Hapo umepata sababu ya kweli ya mtu wa pili kunyamaza, na huna haja ya kumfanya Makame kuwa mbaya.

Kuna kitendo kimoja ningekitia usiku wa Ijumaa: Haji anageuza mto na kulala mzungu wa nne, kichwa chake miguuni kwa Makame. Pale ambapo watu wanalala wamebanana na hakuna nafasi, kulala hivyo ndiko kunakoshauriwa, kwa sababu pumzi ya mgonjwa haipigi uso wa mwenzake. Hakuzuii kila kitu, lakini kunapunguza. Kwa hadithi yako kina kazi kubwa zaidi: kinaonesha kwamba Haji alijua. Hawezi kusema baadaye kwamba alidhani ni uchovu.

Ataficha kwa kitu gani khasa? Kwa panadoli. Vidonge viwili vya miligramu 500 huanza kushusha homa ndani ya nusu saa hadi saa moja, na nguvu yake hukaa saa 4 mpaka 6. Andika siku yake kwa mzunguko huo. Akimeza saa nne usiku, dawa inakwisha saa nane au tisa, anatetemeka mpaka kitanda cha chuma kinagonga ukuta na Suleiman juu anaamka. Akimeza tena, homa inashuka kwa jasho, fulana inaganda mwilini na godoro linalowa upande wa Makame. Asubuhi anaonekana mzima. Mchana anacheka na wenzake. Msomaji akiuona mzunguko huu mara mbili tu, ataanza mwenyewe kuhesabu saa.

Kikomo ni vidonge 8 kwa saa 24, na nafasi ya saa 4 angalau baina ya dozi na dozi. Kosa ambalo Haji atalifanya kwa urahisi ni kununua dukani vidonge vya mafua vya mchanganyiko na kuvimeza pamoja na panadoli, bila kujua kwamba vingi vya hivyo vina parasetamoli ndani yake. Akizidisha, ini linaumia, na siku ya kwanza huenda asisikie zaidi ya kichefuchefu. Piriton nayo itakausha pua lakini itampa usingizi na uzito wa kichwa, jambo baya kwa mtu anayekariri. Amoksilini, ambayo rafiki yeyote atampa kwa upendo, haifanyi kitu hapa, kwa sababu haiui virusi.

Harufu ni adui yake. Viksi ikipakwa kifuani chumba kizima kinajua. Kujifukiza kwa majani ya mkaratusi kunafungua pua kwa muda, lakini hakuui kirusi, na bakuli la maji ya moto baina ya vitanda vya ghorofa ni hatari ya kuungua. Chai ya tangawizi na asali haimshitaki mtu yeyote, basi mpe hiyo.

Na chakula? Hamu ya kula itampotea kabisa siku ya kwanza na ya pili. Wenzake wanakula sinia moja, na mtu akijitenga na sinia huulizwa. Umeanza Alhamisi, basi mpe uongo ulio tayari: "Nimefunga." Funga ya sunna ya Alhamisi haimshangazi mtu. Lakini ugonjwa umeanza alasiri, kwa hiyo mchana alikwisha kula. Makame anakumbuka kwamba walikunywa chai pamoja saa nne. Tena mwenye homa hupoteza maji mengi kwa jasho na lazima anywe, basi Haji atakunywa msalani, akiwa amefungulia mfereji ili sauti isisikike. Hapo unamwona mtu mwema anayeharibu kitu anachokiheshimu kwa ajili ya mtihani mmoja, na hukuhitaji kueleza. Kuhusu sinia lenyewe, hatari haimo kwenye wali. Imo kwenye mkono uliofuta pua, na kwenye nyuso tano zilizoinamiana. Juu ya vitu vigumu, kama kitasa na kikombe, kirusi kinaweza kukaa siku moja hadi mbili. Mikononi ni dakika chache tu, lakini dakika chache zinatosha mtu kugusa pua yake.

Ningemtia pia kwenye zahanati, Jumamosi, kwa kusukumwa na Makame. Zanzibar mwenye homa hupimwa malaria kwanza, hata sasa ambapo malaria imepungua sana visiwani. Tone la damu kidoleni, dakika 15 mpaka 20, na jibu ni kwamba hana. Kipimajoto kinasoma 37, kwa sababu alimeza vidonge viwili saa moja kabla. Mambo hayo mawili pamoja yanamtoa nje akiwa na neno analolitaka: "Nimepimwa, sina kitu." Hakusema uongo. Kipimo cha malaria kinaonesha malaria tu, na kipimajoto kinaonesha dawa aliyomeza. Muuguzi makini angemuuliza, "Umemeza dawa gani leo, na saa ngapi?" Unaweza kumfanya aulize, na Haji ajibu, "Sijameza." Hapo ndipo uongo wenyewe unapozaliwa, na umezaliwa mbele ya mtu ambaye angeweza kumsaidia. Kanuni ya kumrudisha mgonjwa kati ya watu ni kupita saa 24 bila ya homa na bila ya dawa ya kushusha homa. Sehemu ya mwisho ya kanuni hiyo ndiyo anayoiruka.

Sasa nakuja kwenye kalenda, ambayo nakuomba uishughulikie kuliko kitu chengine chochote. Mtu mwenye homa ya mafua huanza kutoa virusi kiasi cha siku moja kabla hajasikia chochote. Huendelea kwa siku 5 hadi 7 baada ya kuanza kuumwa, na siku 3 au 4 za mwanzo ndizo anazotoa vingi zaidi. Aliyeambukizwa naye huanza kuumwa baada ya siku 1 hadi 4, mara nyingi siku ya pili. Panadoli haibadilishi hesabu hii hata kidogo.

Haji ameanza Alhamisi saa kumi. Basi tangu Jumatano alasiri alikuwa anaambukiza, akiwa mzima wa kutembea, hana kosa lolote. Makame, aliyelala naye usiku wa Jumatano uso kwa uso, anaweza kuanza kuumwa Ijumaa usiku au Jumamosi. Ugonjwa wa Makame hauna wa kulaumiwa. Lakini Haji hajui hesabu hii, na atajilaumu kwa Makame kabla ya kujilaumu kwa yule anayestahili.

Suleiman ndiye wa kumpangia kwa uangalifu. Ukimfanya aanze kuumwa Jumapili, huwezi kujua alipata lini: huenda ni usiku wa Jumatano, siku nne nyuma, kabla Haji hajajijua, huenda ni Ijumaa, chini ya feni iliyozimwa na dirisha lililofungwa. Shaka hiyo haitaondoka, na hakuna kipimo kitakachoiondoa. Ukimfanya aanze Jumanne, shaka imekwisha. Kutoka Alhamisi saa kumi mpaka Jumatatu saa kumi ni siku nne kamili. Anayeanza Jumanne amepata baada ya Haji kuanza kuumwa, ama kwa Haji mwenyewe ama kwa Makame aliyeugua kimya kwa sababu yake. Amua unataka Haji aishi na shaka au na yakini, kisha chagua siku. Mimi ningechagua Jumanne, kwa kuwa kila kitu alichofanya Haji, kuanzia mto uliogeuzwa hadi jibu alilompa muuguzi, kinaelekea huko.

Usiwaangushe wote sita. Mwaka 1978 skuli moja ya bweni ya wavulana Uingereza ilikuwa na wanafunzi 763, na kati yao 512 waliugua homa ya mafua ndani ya wiki mbili hivi, baada ya ugonjwa kuonekana kwanza kwa mvulana mmoja. Ni wengi mno, lakini hata humo theluthi moja haikulala kitandani. Wengine huwa na kinga waliyoipata kwa kuugua miaka ya nyuma, na wengine huambukizwa wasioneshe dalili. Katika chumba chako, watatu au wanne kati ya sita wanatosha na wanaaminika.

Twende kwenye mtihani wa Jumatatu. Haji hana homa, au anayo ya nyuzi 37 na kitu. Kinachomharibia ni vitu vidogo. Kwanza kikohozi, ambacho huweza kubaki wiki mbili na zaidi. Ukumbi uko kimya, watu wanageuka, na akikizuia kinamtoka kwa nguvu zaidi na machozi. Pili ni mwili kukosa nguvu: mkono unachoka kuandika baada ya kurasa mbili. Tatu ni kichwa. Anaijua mada, anaona hata ukurasa wa daftari ulioandikwa, lakini jina halitoki. Anaandika swali la kwanza kwa muda wa mawili. Anatoka nje mwenyewe kwa miguu yake, na karatasi ina nafasi tupu. Hilo ni kweli zaidi kuliko kuzimia, na linamuuma zaidi, kwa sababu usiku wote ule alioficha aliuficha kwa ajili ya karatasi hii.

Suleiman anaanza Jumanne mchana. Kwa mwenye pumu, njia za hewa zilikuwa tayari nyembamba na zenye kuvimba. Kirusi kinaongeza uvimbe na makohozi. Shambulio linaweza kuja siku ile ile au siku mbili tatu baadaye, na alfajiri ndiyo saa yake mbaya, basi liweke alfajiri ya Jumatano. Kama ameacha dawa yake ya kuvuta ya kila siku, ile ya kuzuia, kwa sababu imekwisha na pesa hana, hali itakuwa mbaya upesi. Dalili za kuandika ni hizi: anavuta salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, na nafuu haidumu hata saa 3, amekaa kitandani ameinama mbele na mikono magotini, hawezi kumaliza sentensi moja kwa pumzi moja. "Nipe... ile... chupa." Kifua kinapiga mluzi. Mluzi ukitoweka huku bado anahangaika, usimwandikie nafuu, kwa sababu hapo hewa haipiti tena.

Hiyo chupa ni ya kweli. Mtu mwenye pumzi fupi hawezi kuvuta inhela vizuri. Dawa inaishia kooni. Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, toboa kitako chake tundu linalobana mdomo wa inhela bila kuvuja. Mgonjwa anaweka mdomo wa chupa kinywani, unabonyeza mara moja, anavuta na kutoa pumzi mara 4 hadi 6, kisha unabonyeza tena. Kwa shambulio kali ni mibonyezo 4 hadi 10 namna hiyo, na kurudia kila baada ya dakika 20 huku mnatafuta gari ya kwenda hospitali. Asilazwe chali. Mpe Haji kazi hii ya mikono: yeye anakata chupa kwa wembe, akiwa anakohoa, na anageuza uso pembeni kila mara.

Kuhusu kufa: ndiyo, anaweza. Shambulio la pumu huua, na homa ya mafua ni miongoni mwa vinavyolianzisha. Nimonia inayofuata pia huua. Lakini aliyefikishwa hospitali mapema, Mnazi Mmoja kwa mfano, akapewa oksijeni, salbutamoli ya mvuke na dawa za steroidi, kwa kawaida hupona, na ndani ya siku chache hurudi chumbani. Ningemwacha aishi, si kwa huruma tu. Suleiman ana mtihani Jumatano asubuhi na hakuufanya. Atatoka na karatasi ya hospitali yenye tarehe ya siku ile, na kwa taratibu za kawaida za vyuo vyetu, anayekosa mtihani kwa ugonjwa wenye ushahidi huruhusiwa kuufanya baadaye kama mtihani wa kwanza, alama zake zikahesabiwa kamili. Haji aliingia kwenye ukumbi Jumatatu na kutia saini. Aliyekwisha kukaa mtihani kwa kawaida hawezi kurudi kudai kwamba alikuwa mgonjwa. Akifeli, anarudia kama aliyefeli. Ushahidi pekee wa wiki ile alionao ni ile karatasi ya zahanati ya Jumamosi: malaria hana, joto 37. Soma kanuni za mitihani za chuo ulichokikusudia kabla ya kuandika ukurasa huo, khasa kifungu kinachosema maombi ya kuahirisha yapelekwe kabla ya mtihani na kwa nani, maana hapo vyuo hutofautiana na wanafunzi watakaokusoma wanakijua.